Akaunti Mpya ya Malipo: Mteja Athibitishe kwa Njia Anayoijua

Katika ufuo wa Dunga, samaki wengi huuzwa papo hapo na pesa kulipwa papo hapo. Lakini vikundi vinavyopelekea mahoteli na shule za Kisumu samaki kwa mkopo huandika ankara na kungoja malipo hadi mwisho wa mwezi. Ni katika kipindi hicho cha kungoja ambapo tapeli hupata nafasi. Hana haja ya kuvunja benki wala kuiba nywila ya mtu. Anachohitaji ni kumwandikia mnunuzi: "Tumebadilisha akaunti, tafadhali lipeni hapa."

Ujumbe kama huo ni mgumu kuutambua kwa sababu wakati mwingine huwa ni wa kweli. Benki Kuu ya Kenya ilipoiweka Chase Bank chini ya mrasimu tarehe 7 Aprili 2016, wafanyabiashara waliokuwa na akaunti huko walilazimika kuwaelekeza wateja wao kwingine. Kikundi pia kinaweza kuhamia benki iliyo karibu zaidi au inayokitoza ada ndogo.

Kuna sababu moja, hata hivyo, ambayo inapaswa kumshtua msomaji. Kikundi kinapochagua mwenyekiti au mweka hazina mpya, akaunti haibadiliki. Kinachobadilika ni orodha ya watia saini iliyo benki, na nambari hubaki ile ile. Ujumbe unaosema, "Tuna maafisa wapya, kwa hiyo tuna akaunti mpya," unahitaji kuulizwa maswali kabla ya kulipwa hata shilingi moja.

Jina pekee halitoshi

Wengi huamini kwamba wakiona jina sahihi, wako salama. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania alisajili kampuni nchini Latvia kwa jina lile lile la kampuni ya Asia iliyokuwa ikiuzia Google na Facebook vifaa vya kompyuta. Akafungua akaunti za benki kwa jina hilo, kisha ankara na barua pepe za kughushi zikatumwa kwa kampuni hizo mbili. Zaidi ya dola milioni 120 zililipwa kabla ya mambo kugunduliwa. Desemba 2019, mahakama mjini New York ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Jina lilikuwa sahihi; ni akaunti iliyokuwa ya mtu mwingine.

Anwani ya barua pepe nayo hudanganya macho. Neno "samaki" likiandikwa "sarnaki" kwenye skrini ndogo ya simu, herufi r na n zikikaribiana huonekana kama m. Na kama tapeli ameingia katika barua pepe ya kikundi chenyewe, anwani itakuwa halisi kabisa, na ujumbe utafuata mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea, pamoja na kiasi cha deni.

Ndiyo maana kanuni ya msingi ni moja: taarifa ya akaunti mpya haithibitishwi kwa njia iliyoileta. Ikija kwa barua pepe, usijibu barua pepe hiyo, wala usipige nambari ya simu iliyoandikwa ndani yake. Tumia nambari uliyokuwa nayo kabla taarifa haijafika, ile iliyo kwenye ankara za zamani au kwenye simu yako.

Kikundi kinavyopaswa kutoa taarifa

Chukua mfano wa kikundi cha Dunga kinachopelekea hoteli moja kilo 40 za ngege kila wiki kwa Sh600 kwa kilo. Kwa wiki 4, deni ni Sh96,000. Kikundi kimeamua kuhamia benki nyingine kuanzia Julai 1.

Hatua ya kwanza ni kuandika barua mapema, tuseme mwanzoni mwa Juni, kabla ankara ya mwezi huo haijatolewa. Barua itaje tarehe ya mabadiliko, jina la akaunti, benki, tawi na nambari, na itiwe saini na maafisa wawili. Kwa kuwa hoteli iko mjini, karibu na Dunga, ni afadhali barua ipelekwe kwa mkono na mtu ambaye mhasibu anamfahamu. Isiwe na nambari mpya ya simu. Badala yake iseme wazi: "Kabla ya kulipa, tupigieni kwa nambari mliyo nayo tayari."

Hatua ya pili ni kuacha akaunti ya zamani wazi kwa miezi miwili hivi, ikiwa benki bado inafanya kazi. Hundi zilizokwisha kuandikwa zitapata pa kuingia. Muhimu zaidi, mteja mwenye shaka atakuwa na mahali salama pa kulipa wakati bado anaulizia. Taarifa inayomsukuma mteja alipe leo hii kwa madai kwamba akaunti ya zamani "imefungwa ghafla" inamnyima nafasi hiyo, na haraka ya namna hiyo ni dalili ya utapeli.

Mhasibu anavyothibitisha

Mhasibu wa hoteli anapiga nambari ya zamani. Hasomi nambari ya akaunti na kungoja kuambiwa "ndiyo". Anamwomba mweka hazina aisome yeye, tarakimu moja moja, huku akilinganisha na barua.

Kisha anatuma malipo madogo ya majaribio, kwa mfano Sh137, bila kutaja kiasi hicho. Anapiga tena nambari ile ile na kuuliza ni pesa ngapi zimeingia. Mweka hazina akijibu Sh137, akaunti iko mikononi mwa kikundi, na zile Sh95,863 zilizobaki zinaweza kutumwa. Asipoona kitu, malipo yanasimama hapo.

Njia hii ina kikomo chake. Tapeli akiwa amehamisha laini ya mweka hazina kwenye kadi yake mwenyewe, simu itapokelewa na mtu asiye yeye. Sauti ikiwa ngeni, au deni likiwa kubwa, mhasibu amtafute afisa wa pili, au afike Dunga mwenyewe.

Pesa zikiwa zimekwenda

Malipo ya benki kwa mfumo wa RTGS, unaoendeshwa na Benki Kuu, ni ya mwisho yakishaingia. Hayafutwi kwa ombi la mlipaji. Kwa hiyo mlipaji apigie benki yake mara moja na kuiomba iwasiliane na benki iliyopokea, ili pesa zizuiwe kabla hazijatolewa.

Aliyetuma kwa M-Pesa kwa nambari ya mtu asambaze ujumbe wa muamala kwa 456. Ikiwa mpokeaji amekwisha kutoa pesa hizo, huenda zisirudi. Kwa sababu hiyo, jina linaloonyeshwa kabla ya kukamilisha malipo lisomwe kwa makini, hata kama peke yake si uthibitisho kamili.

Ujumbe wa utapeli uliotumwa kwa laini ya Safaricom unaweza kusambazwa bila malipo kwa 333. Idara ya Upelelezi wa Jinai hupokea taarifa kwa nambari isiyolipiwa 0800 722 203. Mlalamishi ahifadhi barua pepe yenyewe, ankara na stakabadhi ya malipo bila kufuta chochote, kisha aandikishe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu naye.