Klaenti Amekubali Kazi, Mbona Doh Bado Imeshikwa?

Msee, unajua ile noma. Klaenti amebonyeza Approved, ushaambia mabeshte wa Annex Ijumaa ni yako, halafu pesa inakataa kutoka. Mimi ilinikuta na dola 180, makala 12 za duka la viatu, dola 15 kila moja. Na hapa Eldy landilodi haelewi mambo ya dola.

Kabla uanze kulia, hesabu siku. Klaenti kukubali kazi ni kitu moja, mtandao kuachilia doh ni kingine. Upwork, kwa kazi za bei moja, hushika pesa siku 5 baada ya klaenti kuiachilia. Fiverr kwa wauzaji wengi ni siku 14. Hapo hujaibiwa, unangoja tu.

Kwa mtandao wangu (sitautaja) siku 14 ziliisha. Siku ya 15, neno Pending likageuka On hold. Nikawaandikia kwa hasira, eti nilipeni jasho langu. Nikajibiwa kwa meseji ile wanatumia kila mtu, asante kwa subira yako.

Kosa langu ni kwamba sikujua ni nini imeshikwa. Inaweza kuwa oda, inaweza kuwa akaunti. Kujua ni rahisi: jaribu kutoa pesa ya kazi nyingine iliyoiva. Nilikuwa na dola 22 za klaenti wa zamani. Nazo zikakataa. Kumbe shida haikuwa klaenti, ilikuwa akaunti yangu: nilijisajili na jina la mtaa, kitambulisho kina lingine, na juu ya hiyo nilikuwa naingia na VPN.

Kama hizo 22 zingetoka, basi ni oda. Mara nyingi benki ya klaenti imevuta pesa ya kadi nyuma, na hiyo inaweza kutokea hata kama alishakubali kazi. Hapo unatuma faili ulizopeana na meseji yenye alikubali. Ndiyo maana usihamishie stori WhatsApp: kile kilisemwa huko, mtandao hauna njia ya kukihakikisha.

Meseji yangu ya pili ilikuwa fupi. Namba ya oda, tarehe ya kukubaliwa, kiasi, skrinishoti mbili, na swali moja: kilichoshikwa ni oda ama akaunti, na mnataka karatasi gani? Niliijibu kwa tiketi ileile, sikufungua mpya. Safari hii nikajibiwa na mtu. Wakataka picha ya kitambulisho na selfi, nikabadilisha jina, nikazima VPN. Siku 6 baadaye doh ikaingia.

Lakini hiyo njia inakubali tu kama akaunti ni yako. Kuna beshte wa Langas alikuwa amekodisha akaunti ya mtu. Wakamuitisha selfi. Dola 310 zake ziko huko mpaka leo, na mwenye akaunti hashiki simu.