Tumbo Limejaa, Mkono Umekwisha

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akionekana na tumbo lililotuna, mashavu ya mviringo na mikono iliyokonda, kila jirani ana jibu lake. Mmoja atasema ni minyoo, mpeni dawa. Mwingine atasema anakunywa uji mwingi mno. Na bibi mmoja atanong'ona kwamba wazazi wamembemenda, mama kabeba mimba nyingine huku huyu angali ananyonya. Kila jibu limegusa jambo la kweli, na la bibi limegusa zaidi kuliko vijana wanavyotaka kukubali. Ila hakuna hata moja linaloeleza kwa nini mwili uleule umevimba huku na kukonda kule.

Ugonjwa wenyewe ni kwashakoo, au unyafuzi, na mara nyingi huanza pale titi linapoondolewa. Maziwa ya mama yana gramu moja na kidogo ya protini katika kila mililita 100, na ni protini bora. Mtoto anayenyonya nusu lita kwa siku anapata humo gramu 5 au 6, karibu nusu ya mahitaji yake yote. Mimba ikiingia akaachishwa ghafla, nusu hiyo inatoweka siku hiyo hiyo, na kinachokuja badala yake ni chakula cha nyumbani. Hapo ndipo bibi alipoona sawasawa. Kinachomdhuru mtoto si tendo la wazazi wala maziwa yaliyoharibika, ni titi alilonyang'anywa bila kupewa kitu cha kulifidia.

Tuseme mtoto huyo ana kilo 10 na nyumbani wanategemea muhogo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani, kandokando ya Ziwa Nyasa na Kivu. Anahitaji kama gramu 11 za protini kwa siku. Unga wa muhogo una gramu 2 katika kila gramu 100, na mara nyingi chini ya hapo. Maana yake ni kwamba ili azipate hizo 11 angehitaji zaidi ya nusu kilo ya unga. Uji mwepesi wa mtoto hubeba kama gramu 25 za unga kwa kikombe, kwa hiyo ni vikombe 22 kwa siku. Tumbo lake dogo linajaa kwa kimoja. Atashiba, atalala, na hatalia njaa, ndiyo maana mama hana sababu ya kushtuka. Ndizi za kupika hazimsaidii zaidi. Mahindi yana protini nyingi kuliko muhogo lakini yamepungukiwa na viini fulani ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharage au dagaa ndivyo huvikamilisha. Kijiko kikubwa cha unga wa dagaa ndani ya uji kingempa karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima, lakini katika nyumba nyingi dagaa ni kitoweo cha wakubwa.

Sasa tuje kwenye mikono. Mwili una ghala la mafuta chini ya ngozi, na una akiba ndogo ya sukari kwenye ini na misuli. Protini haina ghala. Yote iliyomo mwilini iko kazini: ni misuli, ni ngozi, ni vimeng'enya, ni askari wa kinga. Chakula kisipoileta, mwili unavunja kilicho rahisi kuvunja ili moyo na ubongo visisimame, nacho ni misuli. Mabega, mikono ya juu, mapaja na makalio hupungua polepole, wiki hadi wiki. Mtoto aliyekuwa akikimbia anaanza kukaa, kisha anakaa tu, amenuna, hataki kuchezewa. Ukimzungushia mkono wa juu ule utepe wa rangi tatu wa kliniki, unaotumika kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo chini ya sentimita 11.5 kinaangukia rangi nyekundu.

Uvimbe una habari nyingine. Kwenye damu huelea protini iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini. Mishipa myembamba kabisa ya damu huvuja maji siku zote, maana moyo unayasukuma yatoke, na albumini ndiyo inayoyavuta yarudi ndani. Anayenyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari ameshaona nguvu ya aina hiyo: maji huondoka kwenye kitunguu na kufuata chumvi. Ini lililokosa malighafi linatengeneza albumini kidogo, mvuto unapungua, na maji yanayotoka kwenye mishipa yanabaki nje, katikati ya nyama na ngozi. Kisha figo zinazidisha. Zinahisi damu imepungua ndani ya mishipa, zinadhani mwili umekauka, zinashikilia chumvi na maji. Hayo nayo yanavuja.

Maji hufuata mteremko. Kwa mtoto anayesimama au kukaa huanzia nyayoni, yakapanda miguuni, mikononi na mwisho usoni. Ndiyo sababu mkono wa juu unaweza kubaki mfupa na ngozi wakati miguu imejaa kama ya mtoto mnene. Muuguzi hahitaji mashine kuligundua. Anabonyeza kwa dole gumba juu ya unyayo kwa sekunde 3, kisha anaachia. Kishimo kikibaki, anafanya hivyo hivyo mguu wa pili. Kikibaki kwenye miguu yote miwili, huo unahesabiwa utapiamlo mkali, hata kama utepe wa mkono umeonyesha kijani na hata kama mizani inasema mtoto ana uzito wa kawaida. Mizani ndiyo inayodanganya hapa kuliko vyote, kwa sababu inapima maji pamoja na mtoto. Kadi ya kliniki inaweza kuonyesha mstari unaopanda vizuri wakati nyama ya mwili inateketea chini yake.

Na tumbo? Watu wengi, wakiwemo waliosoma, wanadhani nalo limejaa maji. Kwa kawaida sivyo. Maji ndani ya tumbo la mtoto wa kwashakoo huwa machache, na daktari akiyakuta mengi anaanza kutafuta ugonjwa mwingine, kama kifua kikuu cha tumbo au ini lililoharibika. Tumbo hili linatuna kwa mambo matatu yanayokutana. La kwanza ni ini lenyewe. Wanga wa uji hugeuzwa mafuta ndani ya ini, na ili mafuta hayo yatoke yanahitaji protini ya kuyabeba kwenye damu. Isipokuwepo, yanarundikana, na ini linavimba hadi daktari anaweza kuligusa chini ya mbavu za kulia. La pili ni utumbo. Kuta zake zimekonda, mwendo wake umelegea, bakteria wameongezeka wanachachusha chakula kisichoyeyushwa, na gesi inajaa. Ukiligonga kwa vidole linatoa mlio wa uwazi, si mlio mzito wa maji. La tatu ni ukuta wa tumbo. Nao ni misuli, umeliwa kama ya mkono ilivyoliwa, hauna tena nguvu ya kuzuia kilichomo ndani. Kwa hiyo tumbo kubwa na mkono mwembamba kwa sehemu ni jambo moja: misuli imekwisha pande zote mbili, ila nyuma ya mmoja kuna kitu cha kusukuma.

Minyoo inaweza kuwemo pia, na bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara. Dawa ya minyoo ina nafasi yake kwenye matibabu. Peke yake haiondoi kishimo mguuni.

Maelezo ya protini tunayatumia tangu miaka ya 1930. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Accra, alieleza ugonjwa huu mwaka 1933 akauhusisha na ulaji wa mahindi, na mwaka 1935 akaandika jina ambalo Waga wa huko walikuwa wakilitumia. Wao walikuwa wameshaona kwamba humpata mtoto pale mdogo wake anapokuja. Nina shaka na wanaosema mambo yaliishia hapo. Mwaka 1980 Michael Golden, akifanya utafiti Jamaika, alionyesha kwamba uvimbe wa watoto unaweza kuisha kabla albumini yao haijapanda. Kama albumini ingekuwa ndiyo sababu pekee, hilo lisingewezekana. Huko Malawi, kwenye utafiti uliochapishwa 2013, mapacha waliokula chungu kimoja walitofautiana: mmoja akapata kwashakoo, mwenzake akabaki mzima, na bakteria wa tumboni mwao wakaonekana kuwa na mchango. Maambukizi yanayofuatana, hasa kuhara na surua, nayo humsukuma mtoto aliyekuwa ukingoni. Upungufu wa protini unabaki ndani ya picha. Haujazi picha yote.

Hilo lina maana kubwa wodini, kwa sababu mtu anayeamini protini ndiyo kila kitu atakimbilia mayai, nyama na maziwa mengi siku ya kwanza. Mtoto anaweza kufa kwa karamu hiyo. Ini lake halina uwezo wa kushughulikia protini nyingi, moyo wake umedhoofu, na chumvi za mwili zimevurugika. Kwa hiyo huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, yenye chini ya gramu moja ya protini kwa mililita 100, pungufu hata ya maziwa ya mama. Aliyevimba mwili mzima hupewa kama mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, maana sukari ya damu hushuka anapolala. Anafunikwa asipate baridi, na anapewa antibayotiki hata bila homa, kwani mwili uliokosa protini hauna nguvu ya kupandisha homa. Dawa za kukojosha maji hazitolewi: zingeiondoa damu inayobaki na kumtupa mtoto kwenye mshtuko. Madini ya chuma nayo husubiri.

Siku chache baadaye jambo huwatisha akina mama. Mtoto anakula, anaanza kutazama watu, lakini mizani inashuka. Aliyelazwa na kilo 10 anaweza kuonyesha 9. Ni maji yanayotoka, na mkojo unaongezeka. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua ndipo anahamishiwa F-100 au chakula dawa, ile pakiti ya karanga iliyosagwa na maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, yenye kalori 500. Hapo uzito hupanda, na safari hii ni nyama. Haruhusiwi kutoka kwenye mpango wa lishe mpaka miguu ikae wiki 2 bila kishimo na mkono ufike sentimita 12.5. Tumbo, kwa kawaida, ndilo la mwisho kurudi. Mafuta ya ini huchukua wiki kadhaa kuisha, kwa hiyo mama anayemwona mwanawe akicheza na tumbo bado limetuna hana haja ya kumrudisha wodini kwa ajili ya tumbo hilo peke yake. Aangalie miguu.