Kenya: Mahakama inapokamata fedha benki, mwenye akaunti afanye nini?

Mfanyabiashara anafika kwenye tawi la benki yake jijini Nairobi kutoa fedha za kununulia mzigo, na karani anamweleza kwamba akaunti imefungwa kwa amri ya mahakama. Hajawahi kuitwa mahakamani, wala hajui kesi ni ya nani. Kwa wafanyabiashara wa nchi jirani wenye akaunti nchini Kenya, habari kama hiyo huweza kuwafikia wakiwa mbali na yeyote wa kuwaeleza. Hata hivyo, sheria ya Kenya inampa mwenye akaunti nafasi ya kusikilizwa kabla fedha hazijaondoka, ingawa nafasi hiyo ni fupi.

Msingi wa amri

Kisheria, fedha zilizowekwa benki ni deni ambalo benki inadaiwa na mteja wake. Kwa hiyo, mtu aliyeshinda kesi na hajalipwa anaweza kuiomba mahakama iielekeze benki imlipe yeye badala ya kumlipa mteja. Utaratibu huu umo katika Agizo la 23 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010.

Hatua ni mbili. Katika hatua ya kwanza, mdai huwasilisha ombi pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kwamba hukumu imetolewa, kiasi ambacho hakijalipwa, na kwamba benki fulani inadaiwa na mshindwa wa kesi. Ombi hilo husikilizwa bila mdaiwa kuwapo, kwa sababu angejulishwa mapema angeweza kuzihamisha fedha. Mahakama ikiridhika hutoa amri ya muda inayozuia fedha hizo na kuiita benki ije ieleze kwa nini isizilipe.

Amri ya muda haimpi mdai hata senti moja. Inapaswa kufikishwa kwa benki angalau siku 7 kabla ya tarehe ya kusikilizwa, na pia kwa mdaiwa, isipokuwa mahakama iwe imeagiza vinginevyo. Ni katika hatua ya pili, benki isipofika au isipopinga, ndipo amri ya mwisho inapotolewa na benki kulazimika kulipa. Siku zilizo kati ya amri hizo mbili ndizo siku za mwenye akaunti kujitetea.

Mfano wa muuza vitambaa

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitambaa, mwenye shilingi 620,000 za Kenya katika akaunti yake. Muuzaji wa jumla alimshtaki kwa deni la shilingi 480,000, na hati ya wito ikapelekwa kwenye duka alilokuwa amelihama miezi kadhaa nyuma. Kwa kuwa hakujibu, hukumu ilitolewa dhidi yake bila kusikilizwa. Pamoja na gharama za kesi za shilingi 35,000, mdai anataka shilingi 515,000.

Jambo la kwanza ni kuomba nakala ya amri kutoka benki. Ndani yake mna namba ya kesi, jina la mahakama, kiasi kinachodaiwa na tarehe ya kusikilizwa. Kiasi hicho ni muhimu: ikiwa amri inataja shilingi 515,000 tu, shilingi 105,000 zinazobaki hazihusiki, na mama huyu anaweza kuitaka benki imwachie. Lakini ikiwa amri inakamata fedha zote bila kikomo, benki huweza kufunga akaunti nzima, na hapo ni mahakama itakayoombwa iweke kikomo.

Jambo la pili ni kwenda masjala ya mahakama iliyotoa amri, au kumtuma wakili, ili kulisoma jalada la kesi. Humo hutafutwa karatasi mbili. Ya kwanza ni kiapo cha aliyepeleka hati ya wito, kinachoonyesha ilipelekwa wapi na lini, na nani aliipokea. Ya pili ni taarifa ya hukumu. Kanuni zinasema kwamba hukumu iliyotolewa kwa sababu mdaiwa hakujitokeza haiwezi kutekelezwa kabla hajapewa taarifa ya siku zisizopungua 10. Taarifa hiyo ikikosekana, utekelezaji wenyewe una kasoro.

Njia za kujibu

Kwa mama huyu, njia iliyo wazi zaidi ni kuomba hukumu ifutwe, kwa ombi linaloambatana na cheti cha dharura. Anaambatisha mkataba wa pango la duka jipya kuthibitisha kwamba hakuwa mahali hati ilipopelekwa. Ikithibitika kwamba wito haukumfikia, hukumu hufutwa kwa haki, na amri ya benki huanguka pamoja nayo. Kesi yenyewe haifi. Inarudi mwanzo, naye atapaswa kujitetea.

Hali hubadilika ikiwa wito ulimfikia akaupuuza. Hapo mahakama ina hiari, na hutazama kama ana utetezi wa kweli. Tuseme ana risiti za simu zinazoonyesha kwamba alikwishalipa shilingi 200,000. Risiti hizo, pamoja na rasimu ya utetezi, zinaweza kuishawishi mahakama kumsikiliza, ingawa huenda ikamtaka kwanza aweke sehemu ya fedha mahakamani.

Aliyesikilizwa akashindwa, na ambaye amekata rufaa, huomba utekelezaji usimamishwe. Lazima aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, kwamba hakuchelewa bila sababu, na kwamba yuko tayari kutoa dhamana. Anayekubali deni lakini hana uwezo wa kulilipa kwa mkupuo anaweza kuomba kulipa kwa awamu. Wakikubaliana na mdai, makubaliano yaandikwe na kusajiliwa mahakamani, kisha amri ya kufungua akaunti ipelekwe benki. Ahadi ya mdomo haifungui akaunti.

Upo pia mlango kwa mtu wa tatu. Ikiwa sehemu ya fedha ni ya kikundi cha akiba, au akaunti ni ya pamoja na ndugu asiyehusika na kesi, mwenye fedha hizo anaweza kujitokeza na kudai haki yake, na mahakama italazimika kuliamua dai hilo kabla ya kuagiza malipo. Orodha za michango na hati za kufungulia akaunti ndizo ushahidi wake.

Kuchelewa kuna gharama

Baada ya benki kulipa kwa amri ya mwisho, inakuwa imejivua deni lake kwa mteja kwa kiasi hicho, na kuilaumu benki hakusaidii. Ikiwa hukumu itatenguliwa baadaye, kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaruhusu kuomba kurudishiwa fedha, lakini wakati huo zitakuwa zinadaiwa kwa mdai, ambaye huenda amekwisha kuzitumia.

Si kila akaunti iliyofungwa imefungwa kwa njia hii. Mamlaka ya Mapato ya Kenya inaweza kuitaka benki ilipe kodi anayodaiwa mteja bila kupitia kwanza mahakamani, na njia ya kulipinga agizo hilo ni tofauti. Ndiyo maana swali la kwanza kwa benki linapaswa kuwa: amri hii imetolewa na nani, na nakala yake iko wapi?