Selimundu na moyo: kabla ya kuomba chupa nyingine ya damu

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 9 wa Kamachumu, wilayani Muleba. Ana selimundu. Kila akipelekwa hospitali kwa maumivu ya mifupa, kipimo cha wingi wa damu kinaonyesha gramu 7 kwa desilita, na mama yake anauliza: "Daktari, mbona hamumwongezi damu?" Swali hilo wazazi wengi wa Kagera wanalo. Utafiti wa Hospitali ya Bugando uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu watoto wa mikoa ya kaskazini magharibi, ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe.

Chembe nyekundu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu hupasuka baada ya siku 10 hadi 20, na uboho hauwahi kuziba pengo lote. Ndiyo maana wengi wao huishi na damu ya gramu 6 hadi 9 hata wakiwa wazima, wakicheza na kwenda shule. Moyo ndio unaofidia. Damu ikiwa chache, moyo husukuma nyingi zaidi kwa kila pigo, mchana na usiku, na miaka inavyokwenda chumba chake cha kushoto hutanuka.

Kwa hiyo gramu 7 za mtoto yule, kama ndizo zake za siku zote, peke yake si sababu ya kumtundikia damu. Kinachotisha ni kushuka. Akiwa na 7 zake za kawaida kisha akakutwa na 4 kwa sababu ya malaria, au bandama imevimba ghafla na kunyonya damu, hapo damu huokoa maisha na haifai kucheleweshwa. Hata hivyo iingie taratibu na kwa kipimo cha uzito wake, kwa sababu moyo uliokwisha kutanuka ukiletewa maji mengi kwa haraka unaweza kushindwa: mtoto anaanza kuhema, anakohoa, hawezi kulala chali. Mzazi akiona hivyo wakati damu inaingia, amwite muuguzi papo hapo. Na namba ya kawaida ya mtoto iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, ili daktari wa zamu asiyemjua ajue analinganisha na nini.

Sasa tuhesabu madini ya chuma. Chupa moja ya damu ya mtu mzima ina miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, na hauna njia ya kutoa ziada. Aliyeongezewa chupa 20 amepokea gramu 4 au 5, wakati mwili wote wa mtu mzima kwa kawaida una gramu 3 au 4. Ziada hiyo hujikusanya kwanza kwenye ini. Kwenye misuli ya moyo hufika kwa kuchelewa, lakini ikifika hudhoofisha nguvu yake na kuvuruga mapigo. Kipimo cha feritini husaidia kuifuatilia, ila kifanyike mgonjwa akiwa mzima, maana homa na maumivu hukipandisha. Ikizidi 1,000 mara kwa mara, daktari hufikiria dawa ya kutoa chuma, kama diferasiroksi.

Hapa niseme jambo linalonisumbua: vidonge vya FEFO anavyopewa mjamzito vina chuma, na mara nyingi mtoto wa selimundu hugawiwa hivyo nyumbani "aongeze damu". Anachohitaji ni foliki asidi peke yake, isipokuwa vipimo vionyeshe amepungukiwa chuma.

Mapafu nayo yana kisa chao. Chembe zinazopasuka humwaga himoglobini ndani ya mishipa, nayo huila naitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa hiyo. Mishipa ya mapafu hukaza, shinikizo hupanda, na upande wa kulia wa moyo huelemewa. Dalili yake hujificha. Kijana aliyekuwa akipanda mlima wa Kamachumu bila shida anaanza kupumzika njiani, na watu wanasema ni upungufu wa damu. Lakini damu yake ni ile ile ya siku zote. Huyo, na yeyote anayezimia au kuvimba miguu, apimwe moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kama ni kuvuka ziwa hadi Bugando. Kipimo hicho huleta shaka tu. Uthibitisho hutoka kwa mrija unaopitishwa hadi kwenye moyo.

Dawa ya sildenafili, inayowafaa wagonjwa wengine wa shinikizo la mapafu, ilipojaribiwa kwa wenye selimundu iliwazidishia maumivu na jaribio likasimamishwa. Haidroksiyurea, kwa upande wake, hupunguza kupasuka kwa chembe, na pamoja nako haja ya kuongezewa damu. Huchukua miezi kuonyesha nguvu zake, na anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara, kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe.