JICHO LISILOFUNGA: NAMNA YA KULILINDA MCHANA NA USIKU



Uso ukipinda upande mmoja, watu hutazama mdomo. Mgonjwa mwenyewe huona haya kwa sababu chai inamwagika na kicheko kimekwenda kombo. Lakini mdomo uliopinda haupofushi mtu. Kinachoweza kumpofusha ni jicho la upande huo huo, kwa sababu kope yake haifungi tena. Makala haya yanaeleza habari ya jicho hilo.

Kila upande wa uso una mshipa wa fahamu unaotoka karibu na sikio na kupeleka amri kwenye nyama za uso. Mshipa huo ndio unaofunga jicho. Kuinua kope ni kazi ya mshipa mwingine. Kwa hiyo mshipa wa uso ukilegea, jicho hufunguka vizuri lakini kulifunga hakuwezekani.

Sehemu ya mbele ya jicho, ile inayong'aa kama kioo, huitwa konea. Haina damu ndani yake. Huishi kwa machozi na kwa hewa inayopita katika machozi hayo, na kila tunapopepesa kope machozi hupakwa upya. Kope isipopepesa, konea hukauka, hasa sehemu yake ya chini. Ikikauka huchubuka, vijidudu huingia, kidonda hutokea. Kidonda kikipona huacha chamba cheupe, na chamba kikikaa mbele ya mboni, mtu haoni tena vizuri hata uso ukinyooka.

Wengi hudanganyika hapa. Jicho lililolegea hutoa machozi mengi yanayotiririka shavuni, mgonjwa akasema, "Langu limelowa, si kavu." Machozi hayo yanamwagika kwa sababu kope ya chini imelegea na haiyapeleki kwenye tundu lake la puani. Hayapakwi juu ya konea. Jicho linaweza kuwa linatoa machozi na huku linakauka.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa mashine za kusokota pamba mjini Jinja. Jumatatu ameamka ana maumivu nyuma ya sikio, na jioni upande wa kulia wa uso hausogei. Mwenzake amwambie afunge macho polepole kama aliyelala, bila kukaza. Akiona weupe katikati ya kope mbili, jicho halifungi. Kisha amwambie akunje paji la uso. Upande wote ukiwa umekufa pamoja na paji, kwa kawaida ni mshipa wa uso wenyewe. Paji likikunjika vizuri lakini mdomo umepinda, au mkono na mguu vimelegea, au maneno hayatoki, huenda ni kiharusi. Huyo akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Hata mgonjwa wetu wa Jinja asingoje. Ugonjwa huu wa ghafla una vidonge vyake viitwavyo prednisoloni, ambavyo hufaa zaidi vikianzwa ndani ya siku 3 za mwanzo. Daktari ndiye anayeviandika, kwa sababu mwenye kisukari, kwa mfano, huhitaji uangalizi. Wagonjwa wengi hupona katika wiki au miezi michache. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku uso unapopona, jicho bado lipo.

Mchana atie machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha jicho, kila saa moja au mbili. Asingoje mpaka jicho liwashe. Kama atatia mara nyingi hivyo, aulize duka la dawa matone yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi huwasha konea. Mara kwa mara, kwa kidole kilichonawiwa, ashushe kope ya juu ifunike jicho, kisha aiachie. Avae miwani yenye ukingo wa pembeni dhidi ya vumbi la pamba, na asipande bodaboda bila miwani. Mkata miwa au mchuma chai naye avae miwani pamoja na kofia pana.

Usiku ndio wenye hatari kubwa, kwani aliyelala hawezi kutia tone wala kushusha kope. Afanye hivi:

1. Anawe mikono kwa sabuni. Avute kope ya chini na kuweka ndani yake dawa ya mafuta ya jicho, urefu wa kama sentimita moja. Iwe ya tyubu ya macho. Mafuta ya kujipaka mwilini yasiingie jichoni. Kituo kisipokuwa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi hutoa tyubu ya tetrasaiklini ya macho, nayo husaidia kulainisha.

2. Apanguse mafuta yaliyobaki nje, maana plasta haishiki kwenye ngozi yenye mafuta.

3. Atazame chini, kisha ashushe kope ya juu kwa mgongo wa kidole mpaka ikutane na ya chini. Nywele za kope zisikunjikie ndani.

4. Abandike plasta laini ya karatasi kuikingama kope iliyofungwa. Ncha moja aikunje kidogo ili asubuhi apate pa kushika.

5. Mtu wa nyumbani amulike tochi kutoka chini. Akiona weupe au mng'ao wa jicho, plasta itolewe na ibandikwe upya.

Hatua ya tano isirukwe. Jicho likifunguka chini ya plasta, plasta yenyewe huikwaruza konea usiku kucha. Kwa sababu hiyo pia, pamba au kitambaa kisifungwe juu ya jicho lililo wazi. Asubuhi alowanishe plasta kwa maji safi na kuitoa taratibu.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likiogopa mwanga, likiona ukungu, au doa jeupe likionekana, aende siku hiyo hiyo kwa mganga wa macho, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale. Huko hutiwa rangi jichoni, na chini ya taa ya buluu mchubuko hung'aa kijani. Asitie majani, wala matone ya mtu mwingine. Matone mengine yana dawa ya jamii ya prednisoloni, na hayo juu ya kidonda huweza kuharibu jicho.

Maumivu ni mlinzi wetu, lakini yuko mgonjwa asiye na mlinzi huyo. Ukoma huweza kulegeza kope na pia kuua hisia za konea, na jicho likaoza bila kuuma. Mwenye baka la ngozi lisilohisi pamoja na kope isiyofunga apimwe ukoma, ambao una dawa na hupona. Jicho lake alitazame kwenye kioo kila siku. Eneo letu lina hospitali zilizoanza kama vituo vya wakoma: Buluba, iliyofunguliwa mwaka 1934 mashariki ya Jinja, na Kumi iliyoko Ongino, kaskazini ya Mbale.

Ikipita miezi 3 bila uso kuanza kusogea, mgonjwa arudi kwa daktari. Huenda kuna sababu nyingine, na upo upasuaji wa kushona pembe ya kope ili jicho lisibaki wazi.

Kwa wajumbe wa matawi: mfanyakazi huyu aombewe kazi mbali na vumbi mpaka kope ifunge. Akishindwa kazi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, ikiwa ametumika mwezi mmoja au zaidi. Amjulishe mwajiri mapema, na cheti cha daktari akiweke tayari.