Mifuko Miwili au Mitano?
Namna ya Kuhakikisha Kiasi cha Mbolea kwa Shamba la Mpunga

Kagio ni mji wa soko katika Kaunti ya Kirinyaga, upande wa kusini wa Mlima Kenya, na kutoka hapo hadi mashamba ya mpunga ya Mwea si mbali. Mkulima aingiapo dukani kununua mbolea ya chumvichumvi hana budi kujibu swali moja: anataka mifuko mingapi? Jibu lake hutokana na hesabu tatu fupi, na katika kila moja pana mahali pa kujikwaa. Kosa moja tu laweza kumfanya anunue mifuko mitano pale palipotaka miwili. Tena hasara yake haiishii mfukoni. Mpunga wa Pishori una bua refu. Ukilishwa naitrojeni kupita kiasi hustawi sana majani, kisha hulala chini kabla ya kuvunwa, na ugonjwa wa ukungu uitwao blasti huushika kwa urahisi zaidi.

VIPIMO VIWILI KATIKA NCHI MOJA

Mashamba ya Mwea yalipoanza kukatwa katika miaka ya 1950, yalihesabiwa kwa eka, na kila mpangaji akapewa eka 4. Mpaka leo watu husema eka, nusu eka na robo eka. Lakini wataalamu wa kilimo huandika viwango vyao vya mbolea kwa hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, yaani uwanja wa mita 100 kwa mita 100. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo hekta moja ni sawa na eka 2.47, ambayo ni karibu eka mbili na nusu.

Yafaa basi kuchukua mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Tuseme yuko mama mmoja mwenye shamba la mpunga karibu na Kagio, ambalo tangu zamani limesemwa kuwa ni robo tatu ya eka. Karatasi ya ushauri aliyopewa inasema hivi: naitrojeni, kilo 80 kwa hekta. Dukani anakusudia kununua salfeti ya amonia, ile ambayo mfuko wake huandikwa herufi SA, nao una uzito wa kilo 50. Kiwango hiki cha kilo 80 ni cha mfano tu; kila mkulima ataweka mahali pake kiwango alichopewa na Bwana Shamba, au kilichotokana na kupimwa kwa udongo wake.

HESABU YA KWANZA: UKUBWA WA SHAMBA

Neno la kusikia halitoshi. Mama huyo na mwanawe wanachukua kamba iliyotiwa fundo kila baada ya mita 5, wanapima ndani ya kuta za udongo zinazozuia maji, wala hawazihesabu kuta zenyewe wala mfereji, kwa kuwa huko hakuna mpunga wa kulishwa.

Shamba si la mraba. Sehemu kubwa ni mstatili wa mita 60 kwa mita 40, na mwishoni pana kipande cha pembetatu. Mstatili huo ni 60 mara 40, yaani mita za mraba 2,400. Pembetatu ina kitako cha mita 40, na kutoka kitako hicho mpaka ncha yake, kwa mstari ulionyooka wima, ni mita 15. Kitako huzidishwa kwa kimo, kisha hugawanywa kwa 2: 40 mara 15 ni 600, na nusu yake ni 300. Jumla ni mita za mraba 2,700.

Ili kupata hekta, 2,700 hugawanywa kwa 10,000, nazo ni hekta 0.27. Ili kupata eka, 2,700 hugawanywa kwa 4,047, nayo ni eka 0.67, yaani theluthi mbili. Shamba lililoitwa robo tatu ya eka limepungua mita za mraba zaidi ya 300.

Apimaye kwa futi ana mtego wake. Mita moja ni futi 3.28, lakini mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, kwa maana urefu umebadilishwa na upana pia umebadilishwa. Mtu akizidisha futi kwa futi, kisha akagawanya kwa 3.28 mara moja tu, shamba lake litaonekana kubwa zaidi ya mara tatu. Njia salama ni kugeuza kila upande kuwa mita kwanza, ndipo kuzidisha. Tena kiwanja cha futi 50 kwa futi 100 huitwa na wengi sehemu ya nane ya eka, hali kina futi za mraba 5,000, na sehemu ya nane iliyo kamili ni futi 5,445.

HESABU YA PILI: KIRUTUBISHO GANI, KIASI GANI

Sasa kiwango huzidishwa kwa hekta za shamba. Kilo 80 mara 0.27 ni kilo 21.6. Hicho ndicho kiasi cha naitrojeni kinachotakiwa katika shamba lile.

Hapa ndipo mkulima wetu alipotaka kukosea. Yeye amezoea eka, naye akasoma 80 kana kwamba ni kwa eka. Alizidisha 80 kwa robo tatu, akapata 60, akasema kwamba huenda akahitaji karibu mifuko sita.

“Mama, hebu tazama tena,” mwanawe akamwambia. “Hapa pameandikwa hekta.”

“Na hekta si ndiyo eka, mwanangu?”

“La, Mama. Hekta moja inameza eka mbili na karibu nusu.”

Anayetaka kufanya hesabu zake kwa eka na aanze kwa kugeuza kiwango chenyewe. Kilo kwa hekta hugawanywa kwa 2.47, nazo huwa kilo kwa eka. Kilo 80 kwa hekta ni kilo 32.4 kwa eka. Mara 0.67 ni kilo 21.7, jibu lile lile isipokuwa tofauti ndogo iliyotokana na kukata desimali. Njia mbili zikikutana hivyo, mkulima ajue kwamba hajapotea.

HESABU YA TATU: KUTOKA KIRUTUBISHO HADI MFUKO

Kilo 21.6 ni za naitrojeni, wala si za mbolea yenyewe. Katika kila kilo 100 za salfeti ya amonia mna kilo 21 za naitrojeni. Yurea ina 46, na DAP ina 18 za naitrojeni pamoja na 46 za fosforasi, zikihesabiwa kama oksidi yake. Tarakimu hizo huandikwa juu ya mfuko, nazo ndizo za kusomwa kabla ya bei.

Kwa hiyo 21.6 hugawanywa kwa 0.21, na jibu ni kilo 103 za salfeti ya amonia. Mifuko ya kilo 50 ni miwili, na zaidi yake kilo 3. Kama angechagua yurea, 21.6 ingegawanywa kwa 0.46, nazo ni kilo 47, ambazo hazijai mfuko mmoja. Basi amwambiaye jirani yake “tia mifuko miwili” pasipo kutaja aina ya mbolea amemwambia nusu ya habari tu.

Na tuone sasa bei ya kila kosa. Kiwango cha hekta kikifanywa cha eka, naitrojeni itakuwa 80 mara 0.67, yaani kilo 53.6, na mbolea itakuwa kilo 255: mifuko mitano na zaidi. Makosa hayo yakiungana na ukubwa wa kusikia wa robo tatu, itafika kilo 286, nayo ndiyo ile karibu mifuko sita ya yule mama. Kosa la kinyume nalo hutokea. Mtu akidhani kwamba zile kilo 80 ni za mbolea, atatia kilo 21.6 tu za salfeti ya amonia, zenye naitrojeni kilo 4 na nusu. Mpunga wake utageuka rangi ya manjano, ukianzia majani ya chini, naye huenda akamlaumu mwenye duka kwamba amemwuzia mbolea mbovu.

KUMBUKA MBOLEA ILIYOKWISHA TIWA

Kiwango kinaposema naitrojeni ya msimu mzima, ile iliyomo katika mbolea ya kupandia nayo imo katika hesabu. Tuseme mama huyo alipopanda alitia DAP nusu mfuko, yaani kilo 25. Hizo zina naitrojeni kilo 4.5. Zikitolewa katika 21.6 hubaki 17.1, na 17.1 ikigawanywa kwa 0.21 hutoa kilo 81. Haitaji tena mifuko miwili mizima ya kukuzia. Karibu kilo 20 zitabaki.

KURUDI NYUMA ILI KUHAKIKISHA

Jibu lililopatikana lifanyiwe hesabu ya kurudi kabla ya fedha kutolewa. Turejee kwa mkulima asiyetia DAP, aliyenunua mifuko miwili kamili. Kilo 100 mara 0.21 ni kilo 21 za naitrojeni. Zikigawanywa kwa hekta 0.27, ni kilo 78 kwa hekta. Ushauri ulikuwa 80. Upungufu huo ni mdogo, na kufungua mfuko wa tatu kwa ajili ya kilo 3 hakuna faida.

Hesabu ya mwisho hufanywa shambani. Kilo kwa hekta zikigawanywa kwa 10 huwa gramu kwa mita ya mraba. Kilo 103 katika hekta 0.27 ni kilo 381 kwa hekta, basi ni gramu 38 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha mita 10 kwa mita 10 chataka kilo 3.8. Ikiwa mbolea itatiwa kwa mafungu matatu katika msimu, kila fungu ni kama kilo 1.3 kwa kipande hicho. Mkulima apime kiasi hicho kwa mizani, akimimine katika kopo na kutia alama mahali kilipofika, kisha akitawanye katika kipande cha kwanza na kuona jinsi mkono wake utupavyo. Mbolea ikiisha kabla ya kipande kwisha, mkono ni mzito. Ikibaki, mkono ni mwepesi.

Hesabu hizi hazisemi kama kilo 80 zaufaa udongo wa shamba fulani. Hilo ni la Bwana Shamba na la kipimo cha udongo. Lakini aendaye Kagio na karatasi yenye mambo manne, yaani hekta za shamba, kiwango kwa hekta, tarakimu ya mfuko na kilo za mbolea, ataweza kumwonyesha Bwana Shamba au mwenye duka kila hatua, na kosa likiwapo litaonekana lingali kwenye karatasi.