Kiharusi: kwa nini skana inatangulia dawa

Wanafunzi wa udaktari wanakutana na hili swali kwenye mtihani: baba wa miaka 62, mwenye tansiyo, saa mbili asubuhi mkono na mguu wa kuume vimelegea, maneno hayatoki. Saa tatu na nusu amefika hospitali, sukari yake ni ya kawaida. Unafanya nini kwanza? Wengi wanakimbilia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, sababu inabidi itolewe ndani ya masaa 4 na nusu. Wanakosa.

Kiharusi, ile wengi tunaita avese, kiko cha namna mbili. Kimoja, donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Kingine, mshipa umepasuka na damu inamwagika ndani. Kwa kumtazama tu mgonjwa, hata munganga mzoefu hawezi kuwa na hakika. Na kama ni kupasuka, dawa ile inayeyusha kile kinachoziba tundu, damu inazidi kumwagika, mgonjwa anaweza kufa.

Hapa sasa ndipo watu wanachanganyikiwa: skana ya kwanza haitafuti donge, inatafuta damu iliyomwagika. Hiyo inaonekana nyeupe mara moja. Lakini mshipa ukiziba, masaa ya kwanza picha inaweza kutoka safi kabisa. Basi picha safi haimaanishi hakuna kiharusi. Kwa huyu baba, ndiyo inafungua njia ya dawa, kama tansiyo iko chini ya 185 kwa 110 na hakuna kizuizi kingine.

Swali likisema hakuna skana? Dawa hiyo haitolewi kwa kukisia.